Muhuri Umelalia Maandishi: Kunakili Cheti cha Zamani Kilichojaa Tabaka

Anayenakili cheti kwa mara ya kwanza huanza juu kushoto na kushuka mstari kwa mstari, kama anayesoma barua. Kwenye barua inafaa. Kwenye cheti cha chuo cha miaka ya sitini, utaratibu huo ndio unaozaa makosa mengi, kwa sababu karatasi ile haikuandikwa mara moja. Mchapaji alichapa kichwa cha mapambo, nembo na mistari ya nukta. Miezi kadhaa baadaye karani akajaza jina na daraja kwa taipureta au kwa mkono. Kisha mkuu wa chuo akatia saini na tarehe, na mwisho mtu mwingine kabisa akagonga muhuri, mara nyingi bila kujali ulipoangukia. Ukijua hilo unaacha kuuliza "hapa pameandikwa nini?" na unaanza kuuliza "alama hii ni ya tabaka gani?" Kazi yote inayofuata ni kuzitenga tabaka, kusoma kila moja peke yake, kisha kuzipanga upya kwenye unukuzi.

Nitatumia cheti kimoja kama mfano hadi mwisho. Ni cheti cha ualimu cha Tanzania, chapa nyeusi kwenye karatasi yenye mawimbi mepesi ya kijani. Juu kuna maneno "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" yaliyopindwa kama upinde, nembo ya Bibi na Bwana katikati, na chini yake "Cheti cha Ualimu" kwa herufi nene zilizonakshiwa. Jina na daraja vimepigwa kwa taipureta juu ya mistari ya nukta. Saini ya mkuu wa chuo na tarehe ni za peni ya buluu. Muhuri wa duara wa wino wa zambarau umefunika nusu ya tarehe, neno la daraja na mwanzo wa saini. Mwenye cheti, mwalimu mstaafu, alikuwa ameniletea picha ya simu.

Dalili: ukikuza picha, herufi zinageuka mabonge

Hapa tatizo liko kwenye picha, cheti hakina kosa. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kubanwa kwa JPEG, na mbanano huo huitupa rangi kabla ya kuugusa mwanga: mara nyingi rangi huhifadhiwa kwa robo tu ya idadi ya pikseli zake. Jicho halioni tofauti. Lakini rangi ndiyo silaha yetu ya kutenganisha muhuri na maandishi, kwa hiyo picha hiyo haifai hata kama inasomeka vizuri. Utaitambua kwa vijiraba vidogo vinavyojitokeza kando ya kila herufi unapoikuza.

Omba cheti chenyewe kiskaniwe kwa rangi, dpi 600, yaani pikseli 600 kwa kila inchi, na kihifadhiwe kama TIFF au PNG. Wengi huchagua nyeusi na nyeupe wakidhani maandishi yatakolea. Yatakolea kweli, na muhuri utakolea nayo, na baada ya hapo hakuna njia ya kuvitenga. Kama skana haipatikani, piga picha mchana karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba kabisa na karatasi, kisha itume kama faili badala ya picha. Cheti kikiwa ndani ya plastiki ya lamineti, usijaribu kuibandua, kwani tabaka la juu la karatasi hutoka pamoja na wino. Sogeza taa pembeni mpaka mng'ao uhame, piga picha mbili mng'ao ukiwa sehemu mbili tofauti, na usome kutoka zote mbili.

Dalili: herufi chini ya muhuri ina umbo lisiloeleweka

Kwenye cheti chetu, baada ya neno "Daraja" ilionekana herufi "G". Daraja la G sikupata kulisikia. Walimu wa wakati huo walipangwa kwa madaraja ya A, B na C. Hata hivyo sikuandika C, maana kujua kwamba usomaji fulani hauwezekani si sawa na kuuona usomaji sahihi.

Chanzo kilikuwa ukingo wa muhuri. Duara la nje lilipita katikati ya herufi ya taipureta na kuipa C kijimstari cha kulala ndani ya uwazi wake, kikaifanya ionekane G. Dawa yake ni kutenga chaneli za rangi. Picha ya rangi ni picha tatu zilizopandana: nyekundu, kijani na buluu. Wino wa rangi fulani hufifia kwenye chaneli ya rangi yake na kukolea kwenye chaneli nyingine, ilhali wino mweusi hubaki mweusi kote. Muhuri mwekundu hukaribia kutoweka kwenye chaneli nyekundu. Muhuri wa buluu hufifia kwenye buluu. Zambarau huakisi buluu na nyekundu, hivyo hufifia zaidi kwenye buluu, hufifia kiasi kwenye nyekundu, na hukolea sana kwenye kijani.

Kwa programu ya ImageMagick amri ni ileile, mara moja kwa kila chaneli:

```
magick cheti.tif -channel B -separate buluu.png
magick cheti.tif -channel R -separate nyekundu.png
magick cheti.tif -channel G -separate kijani.png
```

Nilipofungua `buluu.png`, ukingo wa muhuri ulikuwa umebaki kivuli, na herufi ilikuwa C safi yenye ncha mbili zisizogusana. Na `kijani.png` ilinipa kitu ambacho sikuwa nimekitarajia: maneno ya muhuri wenyewe, ambayo kwenye picha ya rangi yalikuwa yamemezwa na mawimbi ya usuli. Mawimbi yale yalikuwa ya kijani, kwa hiyo yakafifia kwenye chaneli yake, na zambarau ikabaki peke yake na chapa nyeusi.

Njia hii ina mpaka. Muhuri mweusi juu ya taipureta nyeusi hautengeki kwa rangi, hata ukijaribu chaneli zote. Hapo utahitaji mwanga wa pembeni au hesabu ya nafasi, na vyote viwili vinafuata.

Dalili: tarakimu ya mwaka imefunikwa, na wino wote ni wa rangi

Huu ndio ugumu ulionikalisha muda mrefu kuliko wowote. Tarehe iliandikwa kwa peni ya buluu, muhuri wa zambarau juu yake. Kwenye `buluu.png` vyote viwili vilififia, maana vyote viwili vina buluu ndani yake. Tarakimu tatu za kwanza zilisomeka, 196, na ya mwisho ingeweza kuwa 3, 5 au 8.

Niliitoa 3 kwa historia. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika rasmi mwezi Oktoba mwaka huohuo. Karatasi iliyochapwa "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" haikuwezekana kujazwa mwaka 1963. Nilikuwa makini kutolivuta hoja hilo zaidi ya nguvu yake. Limeondoa usomaji mmoja. Halisemi lolote kati ya 5 na 8.

Kisha nikafungua `nyekundu.png`. Wino wa buluu huinyonya nyekundu, kwa hiyo peni ilikolea, na zambarau, yenye wekundu kidogo ndani yake, ilibaki nyepesi kuliko peni. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilitosha kuona kwamba upande wa juu wa tarakimu ulikuwa umezunguka na kufunga. Tano huwa wazi upande wa kulia juu. Bado nilikuwa na shaka, maana herufi moja ya muhuri ilipita mahali hapohapo, na ingeweza kuwa yenyewe ndiyo iliyofunga lile duara.

Hapo ndipo peni inapokuwa rafiki. Ncha yake ngumu huacha mfereji kwenye karatasi, na muhuri wa mpira hauachi. Nilizima taa ya chumba, nikalaza tochi ya simu karibu usawa wa meza ili mwanga upite juu ya karatasi kama jua la magharibi, nikaizungusha polepole. Mfereji ulijikata wenyewe katikati, mara moja, kama kamba iliyopishana. Tano haijikati. Nikageuza karatasi nikaangalia nyuma, ambako mfereji huwa mgongo ulioinuka na tarakimu huonekana kinyume, na pale pia kulikuwa na mpishano. Mwisho nikalinganisha na namba ya usajili iliyoandikwa na mkono huohuo pembeni ya cheti: ina 8 iliyoanzwa juu na kufungwa kwa mkia mfupi upande wa kulia. Mkia uleule ulikuwepo kwenye mwaka. Nikaandika 1968.

Angalia kwamba mfereji huu ni wa peni tu. Kalamu ya kuchovya wino haigandamizi karatasi kwa namna hiyo, kwa hiyo ukikosa mfereji usihitimishe kwamba hapakuandikwa kitu.

Dalili: saini imepita juu ya jina lililopigwa taipureta

Kwanza, usilisome jina kutoka kwenye saini. Saini ni alama ya mkono. Hata pale unapodhani unaona herufi, andika [saini] na uache. Jina huchukuliwa kutoka kwenye maandishi yaliyo chini yake au mabano yaliyochapwa, na hayo ndiyo mara nyingi hufunikwa na mkia wa saini.

Taipureta inakupa msaada ambao mwandiko wa mkono hauwezi kukupa: kila herufi inachukua nafasi sawa, i kama m. Mashine nyingi zilikuwa za herufi 10 kwa inchi au 12 kwa inchi. Kwenye skani ya dpi 600 hiyo ni pikseli 60 au 50 kwa kila herufi. Pima neno lisilofunikwa kwenye mstari mwingine, gawanya urefu kwa idadi ya herufi, na umeshajua mashine ni ipi. Kisha pima pengo lililofunikwa. Kwenye cheti chetu cheo cha aliyesaini kilianza "MKUU WA" na kuishia "O", na kati ya nafasi baada ya WA na ile O palikuwa na pikseli 180 kwenye mashine ya pikseli 60. Herufi tatu, si mbili wala nne. "CHUO" inakaa sawasawa, na juu ya C palikuwa na ukingo mdogo uliochungulia kutoka chini ya wino wa saini.

Hesabu hii hukataa makisio mabaya vizuri zaidi kuliko inavyothibitisha mazuri. Maneno mengi yana herufi nne. Ndiyo maana hata "CHUO" niliiweka ndani ya mabano ya mraba pale herufi zilipokuwa hazionekani: "MKUU WA C[HU]O". Mtu wa tatu akisoma unukuzi wangu aone ni nini kilichoonekana na ni nini nilichojaza.

Jambo moja zaidi kuhusu saini na muhuri. Watu huuliza kipi kilitangulia, na jicho hujibu haraka kwamba wino uliokolea ndio ulio juu. Jicho hudanganyika hapo. Wino mweusi huonekana uko juu hata ukiwa chini. Kama hakuna anayekulazimisha, usiandike lolote kuhusu mpangilio huo.

Dalili: kichwa cha mapambo hakisomeki, au kinasomeka ajabu

Herufi zile nene zenye makali, ambazo wachapaji walizipenda kwa vyeti, zina C inayofanana sana na E, h yenye mkia unaoifanya ifanane na b, na t fupi isiyopita juu ya jirani zake hata ikaonekana c. "Cheti" unaweza kuisoma "Ebeci" ukiwa na akili zako timamu. Wino wa muhuri hauhusiki hapa, na chaneli hazitakusaidia.

Tafuta neno ndani ya kichwa hichohicho ambalo huna shaka nalo, ulitumie kama alfabeti ya mahali. Katika "Cheti cha Ualimu" neno "cha" liko peke yake kati ya nafasi mbili, na h yake ni ileile ya "Cheti". Ikate kwenye picha, iweke pembeni ya herufi yenye utata, ulinganishe. Kwa maandishi yaliyopindwa, zungusha picha nyuzi kumi au kumi na tano kila mara badala ya kuinamisha kichwa, kwa sababu shingo ikipinda ndipo unaporuka herufi moja bila kujua.

Nembo hainukuliwi, inaelezwa. Naandika [nembo ya taifa]. Maneno "Uhuru na Umoja" yaliyo kwenye utepe chini ya Bibi na Bwana ninayajua kwa moyo, na ninayaandika pale tu ninapoyaona. Kwenye cheti hiki pambo la kichwa lilikuwa limekula neno la mwisho, kwa hiyo niliandika "Uhuru na U[…]". Mwalimu mstaafu alishangaa, akasema kila mtoto wa shule anajua linavyomalizika. Ni kweli, lakini unukuzi ni wa karatasi hii, na karatasi hii iliishia hapo.

Dalili: kuna muhuri unaogusika kwa kidole lakini hauonekani

Huo ni muhuri wa kubonyeza usio na wino. Skana huuangazia kiasi kwamba vivuli vyake hupotea. Tumia tochi ileile ya usawa wa meza, piga picha nne, mwanga ukitoka juu, chini, kulia na kushoto. Mistari inayolala sambamba na mwanga haitoi kivuli, ndiyo maana picha moja huacha nusu ya herufi. Usisugue kalamu ya risasi juu yake hata kama umeona mtu akifanya hivyo na maandishi yakatokea. Risasi haitoki kwenye mabonde yale, na ofisi itakayopokea cheti itaona karatasi iliyochezewa.

Kusoma duara lenyewe: anza chini kushoto, panda, pita juu, shuka kulia. Nyota au nukta ndogo hugawa maandishi ya juu na ya chini, na ya chini husomwa kushoto kwenda kulia, si kwa kuendelea kuzunguka. Ukiendelea kuzunguka utapata maneno kinyume na utaanza kutilia shaka macho yako.

Dalili: programu ya kusoma picha inatoa takataka

Ukiwa na vyeti vingi utataka Tesseract ikusaidie. Ukiipa picha ya rangi, itachanganya maneno ya muhuri katikati ya jina, itageuza mawimbi ya usuli kuwa alama zisizo na maana, na mstari wa nukta utakata mikia ya g, j na y. "Ngonyani" itatoka "Ngonvani". Ipe chaneli iliyofifisha muhuri, na uikatie kipande cha mstari mmoja badala ya ukurasa mzima:

```
tesseract mstari.png matokeo -l swa --psm 7
```

Hiyo 7 inaiambia kwamba picha ni mstari mmoja tu. Kichwa cha mapambo na saini usiipe kabisa. Na kila jina la mtu lisomwe tena kwa jicho, kwa sababu programu hupenda kulivuta jina lielekee neno inalolijua.

Unukuzi ulivyotoka

Sehemu ya chini ya cheti chetu niliiandika hivi, kila tabaka mahali pake na muhuri mwishoni:

```
Daraja: C
Tarehe: 12 Desemba 1968 [8 imefunikwa kwa sehemu na muhuri]
[saini]
MKUU WA C[HU]O
[muhuri wa duara, wino wa zambarau, umefunika daraja,
mwaka na mwanzo wa saini; neno moja la chini halisomeki]
```

Nyuma ya karatasi palikuwa na muhuri wa pili, wa mstatili, wenye tarehe ya 1991. Huo ulikuwa wa mtu aliyethibitisha nakala miaka mingi baadaye, na niliuandika kando, chini ya kichwa "Nyuma ya cheti". Ukiuchanganya na wa mbele, cheti kitaonekana kimetolewa miaka 23 baada ya mwalimu kuanza kazi, na swali la kwanza la ofisi ya pensheni litakuwa hilo. Picha za chaneli nilimpa pia, zikiwa na majina ya faili yanayosema ni chaneli ipi, lakini nilimweleza azibakize nyumbani. Ofisini hupelekwa cheti chenyewe na unukuzi, na lile neno moja la muhuri lililonishinda tuliliacha bila kusomeka.